"Nisiposikia lolote" haina maana kwamba mkubwa amekubali

Kuna sentensi inayozunguka maofisini siku hizi, kwenye barua pepe na kwenye WhatsApp, kana kwamba ni kanuni ya utumishi: "Usipojibu hadi Ijumaa, nitachukulia umekubali." Wengine wameipata kwenye semina za uongozi, wengine wameinakili kwa mwenzao aliyeonekana jasiri. Inatumika kwa kila jambo, kuanzia rangi ya fulana za mkutano hadi malipo ya mkandarasi. Anayeiandika ana haki ya kuchoka, maana amekaa wiki nzima akisubiri neno moja la mkubwa. Lakini ameichukua mbinu nzuri akaiharibu katika maneno mawili ya mwisho.

Mbinu yenyewe ni fupi. Unahitaji uamuzi wa mkubwa wako, naye yuko kimya. Badala ya kumkumbusha kila asubuhi, unamwandikia mara moja: jambo ni hili, mimi nisipopata maelekezo mengine nitafanya hivi, na nitafanya siku fulani saa fulani. Akitaka vinginevyo, ana muda wa kukuzuia.

Inafanya kazi kwa sababu ya namna kumbusho la kawaida lilivyo. Ukiandika "Shikamoo mama, nakumbushia tu lile jambo," umemrudishia mzigo wote. Inabidi akumbuke ni jambo gani, atafute kiambatisho, apime njia zote, halafu atunge jibu, na haya anayafanya katikati ya vikao. Ataahirisha. Ukimpa hatua iliyokwisha pimwa, kazi yake inabaki kusoma mistari minne na kuandika "sawa" au "subiri kwanza". Hata asipoandika kitu, kazi haijasimama.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi.

"Nitafanya hivi" ni habari kuhusu wewe. "Nitachukulia umekubali" ni habari kuhusu yeye, na umeitunga wewe. Ya kwanza inasema nani anabeba hatua hiyo: wewe, kwa mamlaka uliyonayo tayari. Ya pili inamtwisha mkubwa ridhaa ambayo hakuitoa, na mambo yakiharibika utasimama mbele ya mkaguzi ukisema "mkurugenzi aliridhia", huku mkurugenzi hajui hata unazungumzia nini.

Wapo watakaosema mbona kimya huhesabiwa ridhaa hata kwenye mambo makubwa. Ni kweli, na hapo ndipo tofauti inapoonekana. Mwezi Machi 2020, korona ilipofanya nchi zishindwe kukutana ukumbini New York, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubaliana katika uamuzi wake namba 74/544 kwamba rasimu za maazimio zisambazwe kwa wanachama wote na wapewe angalau saa 72. Nchi hata moja ikipinga kwa maandishi, rasimu imekwama. Zote zikinyamaza, imepita. Azimio la mshikamano wa dunia dhidi ya korona lilipita hivyo mwanzoni mwa Aprili. Kimya kilikuwa na nguvu kwa sababu waliokuwa wakinyamaza walikuwa wamekwisha kubaliana, kabla ya rasimu ya kwanza kusambazwa, kwamba kimya chao kitahesabiwaje.

Wanaofanya kazi za ujenzi wanalijua hili vizuri zaidi kuliko sisi wa maofisini. Katika mikataba ya FIDIC ya mwaka 2017, ile mifano ya mikataba ya ujenzi inayotumika kimataifa, mkandarasi akiwasilisha programu yake ya kwanza ya kazi, na mhandisi msimamizi akakaa siku 21 bila kusema lolote, anahesabiwa hana pingamizi na programu inafuatwa. Mkandarasi huyohuyo akileta madai ya fedha za ziada, na mhandisi akanyamaza mpaka muda wake wa kuamua ukaisha, anahesabiwa ameyakataa. Mtu ni yuleyule na kimya ni kilekile, lakini mara ya kwanza kimeandikwa kuwa ruhusa, mara ya pili kimeandikwa kuwa hapana. Bila kuandikwa kisingekuwa chochote kati ya hivyo viwili. Mkurugenzi wako hajakuandikia popote kwamba akinyamaza amekubali, kwa hiyo huna haki ya kulihesabu hilo peke yako.

Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kuandika ujumbe wa namna hii ni kama hatua unayoitaja unaweza kuichukua hata bila yeye. Ikiwa jambo linadai saini yake, kama malipo, mkataba, kibali cha safari au ajira, hakuna tarehe wala saa itakayokigeuza kimya chake kuwa saini. Katika ofisi ya serikali hali iko wazi zaidi: dokezo likipanda na jalada likarudi bila maelekezo ya maandishi, hakuna uamuzi, hata likae mezani miezi mitatu.

Tuchukue mfano. Afisa wa mafunzo katika shirika dogo Morogoro anatakiwa kuchapisha vitabu vya washiriki. Bajeti ya nakala 500 imeshaidhinishwa. Sura ya sita imeandikwa upya, na mkurugenzi aliahidi kuisoma na kusema kama itumike mpya au ya zamani. Hajasema. Mafunzo yanaanza Jumatatu ijayo, na mwenye mashine amesema asipopata faili Alhamisi kabla ya saa kumi jioni, hawezi kumaliza. Afisa ameshakumbushia mara kadhaa na kujibiwa "nitaangalia".

Mwenye papara angeandika kwamba asipojibiwa atachapisha sura mpya. Hiyo ni hatua mbaya, kwa sababu inaamua jambo lilelile ambalo mkurugenzi alijiwekea mwenyewe, na nakala 500 zikishatoka hazirudi mashineni. Afisa mwenye akili anatafuta hatua ndogo kuliko zote, inayookoa tarehe na kuacha uamuzi mkubwa mikononi mwa mwenyewe. Jumatatu asubuhi anaandika hivi:

"Shikamoo Mama. Vitabu vya mafunzo vinatakiwa kufika kwa mchapaji Alhamisi ili viwe tayari Jumatatu ijayo. Bado nasubiri maelekezo yako kuhusu sura ya sita. Nisipopata maelekezo mengine hadi Alhamisi saa sita mchana, nitachapisha kitabu bila sura hiyo, na tutaitoa kama kijitabu cha pembeni ukishaipitia. Inatosha kuitolea fotokopi hapa ofisini, na gharama haizidi bajeti iliyopitishwa. Ukitaka iingie kitabuni, niandikie tu 'mpya' au 'zamani'."

Angalia saa. Mchapaji anataka faili saa kumi, ujumbe unasema saa sita. Saa nne zilizobaki ni za mkurugenzi anayejibu dakika ya mwisho, na wapo wengi. Tena Alhamisi hiyo imetoka kwa mchapaji, na ujumbe unasema hivyo. Tarehe uliyoitunga ili kumtisha mkubwa hutambulika upesi, na ukimwekea "Jumatano" isiyo na sababu atakuuliza kwa nini Jumatano, nawe huna jibu. Kama yuko safarini au kwenye vikao vya bajeti hadi Alhamisi jioni, basi hujampa muda wowote, umemvizia.

Saa sita ikifika na kukiwa kimya, afisa anapeleka faili bila sura ya sita, kama alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha anaandika mstari mmoja: "Kama nilivyoandika Jumatatu, kitabu kimekwenda kwa mchapaji bila sura ya sita." Haandiki "kama ulivyokubali". Wengi huiacha hatua hii ya mwisho. Muda unapita, wanaogopa, wanaongeza siku mbili, na kuanzia hapo tarehe zao zote zinasomwa kama makumbusho ya kawaida.

Kuna kimya kingine ambacho semina hazikitaji. Kwetu mkubwa mara nyingi hasemi "hapana" waziwazi kwa mtu anayemheshimu au asiyetaka kumvunja moyo. Anasema "tutaona", halafu ananyamaza, na anategemea uelewe. Ukimpelekea tarehe na hatua, utakuwa umeupita ukataaji wake kwa kisingizio cha utaratibu. Dalili zake zinaonekana. Anajibu ujumbe wako mwingine wa siku hiyohiyo, ila huo anauruka. Mkikutana ukumbini anakuuliza habari za nyumbani na kazi nyingine zote. Katibu muhtasi anakwambia, kwa sauti ya kukuonea huruma, "hilo liache kwanza". Aliyelemewa na kazi hunyamazia mambo yako yote sawasawa, lakini anayekukatalia hunyamazia moja.

Ukiona dalili hizo, geuza hatua yenyewe. Watu husahau kwamba hatua ya "nisiposikia" inaweza kuwa kuacha. "Waandaaji wanafunga orodha Ijumaa saa tisa. Nisipopata maelekezo, sitapeleka jina letu mwaka huu." Kama mkubwa alikuwa anakataa kwa adabu, umempa njia ya kukataa bila kusema neno. Kama alikuwa amesahau tu, hapo ndipo utashangaa kasi yake ya kujibu, maana kupoteza nafasi humwamsha mtu kuliko kumwomba aitumie. Kwa maoni yangu hii ndiyo sura bora ya mbinu hii, na ndiyo isiyotumika.

Njia ya kupelekea nayo ichaguliwe kwa kumtazama mtu. Kama barua pepe zako zinafunguliwa na msaidizi, mkurugenzi hajaambiwa kitu hata ukiweka wakubwa kumi kwenye nakala. Mpelekee pale anaposoma mwenyewe, hata kama ni WhatsApp, halafu weka kumbukumbu hiyohiyo kwenye barua pepe kwa ajili ya faili. Kuongeza mkubwa wake kwenye nakala ili ajibu haraka ni mashitaka, na mashitaka yana taratibu zake nyingine kabisa.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyezoea kuandika "nitachukulia umekubali", endelea kuandika, ila futa hayo maneno na uweke "nitafanya" pamoja na jambo unaloweza kulifanya kwa mamlaka yako. Ukijaribu ukaona hakuna kitenzi cha kuweka hapo, yaani kila hatua unayoifikiria inadai saini yake, basi panda ngazi ukamwone, au umwombe katibu wake dakika tano asubuhi kabla ya kikao.