Miaka 16 na dhahabu ya Busia: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kijana akifikisha miaka 16 anaweza kupewa kazi yoyote.

Ukweli: Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yaliweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa nchini Uganda, lakini hayakusema kwamba utoto unaishia hapo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mwajiri amekatazwa kumpa kazi iliyo hatari au yenye kudhuru afya yake. Kijana wa miaka 16 anaweza kuuza dukani mchana. Kumteremsha kwenye shimo la dhahabu ni kosa.

Dhana: Hatari iko shimoni tu, na anayeosha udongo huku juu yuko salama.

Ukweli: Hili ndilo kosa linaloniumiza zaidi, kwa sababu wengi wanaolitenda wanaamini kwamba wamemhurumia mtoto. Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 16 aliyeajiriwa kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Busia, mashariki mwa Uganda, ili aoshe udongo uliosagwa. Mchanga mzito ukishabaki karaini humiminiwa zebaki, naye huukanda kwa mikono mitupu hadi zebaki ishikamane na chembe za dhahabu na kuwa donge la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa motoni, zebaki ikageuka mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo ni sumu, lakini hauonekani wala haunuki, kwa hiyo anayeuvuta hana cha kumshtua, na kitambaa kilichofungwa puani hakiuzuii. Dalili huja polepole: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia, na mara nyingi watu wa nyumbani hudhani ni uchovu au ukaidi wa ujana. Donge likichomewa jikoni, hata mdogo wake ambaye hajawahi kufika machimboni huuvuta mvuke huohuo.

Dhana: Akifanya kazi usiku, masomo yake hayaguswi.

Ukweli: Sheria ya Ajira inakataza kumwajiri mtoto kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, hata kama kazi yenyewe ni nyepesi.

Dhana: Mzazi akikubali, mwajiri hana lawama.

Ukweli: Ridhaa ya mzazi haiigeuzi kazi ya hatari kuwa halali. Najua kwamba mara nyingi ni mzazi mwenyewe anayemleta mtoto, tena kwa dhiki ya karo, na simlaumu kwa wepesi. Hata hivyo, wajibu wa kukataa unabaki kwa mwajiri. Anayeona mtoto akishika zebaki anaweza kumwarifu afisa wa kazi wa wilaya, au kupiga simu ya bure ya Sauti ya kuwasaidia watoto, namba 116.