Maneno hubadili uamuzi hata hesabu isipobadilika

“Mwenye akili timamu akipewa takwimu zilezile, si atachagua lilelile?”

Sivyo. Mwaka 1981, wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliwaeleza wanafunzi kuhusu ugonjwa unaotishia watu 600. Mpango wa kwanza ungeokoa 200 kwa hakika. Wa pili ulikuwa na nafasi moja kati ya tatu ya kuwaokoa wote, vinginevyo asiokolewe yeyote. Asilimia 72 walichagua wa kwanza, lakini kundi jingine lilipoambiwa kwamba katika mpango huohuo watu 400 watakufa, ni asilimia 22 tu waliouchagua.

Mbele ya faida tunapenda uhakika. Mbele ya hasara tunakubali kubahatisha. Hata madaktari waliathirika walipopimwa, kwa hiyo tusiuite ujinga. Muuzaji wa Kariakoo anayetangaza “punguzo kwa taslimu” badala ya “nyongeza kwa mkopo” hutumia njia hiyohiyo.