Jozi Kumi, Kipimo Kimoja: Maelekezo kwa Wanaowasilisha Ripoti za Majaribio ya Mbegu

Kuanzia msimu huu, ripoti yoyote ya jaribio la shambani yenye jedwali la wastani lililowekwa herufi a, ab na b, bila kutaja herufi hizo zimetokana na kipimo gani, itarudishwa kabla ya kusomwa. Wengi wametupigia simu kulalamika. Hatuna shaka na nia njema ya watafiti, na data zao kwa kawaida ni safi. Tatizo liko kwenye hatua inayofuata baada ya Anova, pale mtu anapoanza kulinganisha mbegu moja na nyingine.

Tuchukue jaribio la mfano. Aina tano za mahindi, A hadi E, zimepandwa katika bloku nne, kwa hiyo ploti ni 20. A ndiyo mbegu ya kienyeji inayotumika kama kilinganishi. Wastani wa mavuno kwa tani kwa hekta ni A 3.1, B 3.6, C 3.9, D 4.4 na E 4.7. Wastani wa mraba wa makosa ni 0.36, kwa digrii za uhuru 12. Anova inatoa F ya 4.48, na mpaka wa asilimia 5 ni 3.26. Basi kuna tofauti mahali fulani. Ni hilo tu ambalo Anova imesema. Haijasema tofauti iko kati ya nani na nani.

Aina tano zinatoa jozi 10. Mtafiti akifanya kipimo cha t kwa kila jozi, kila kimoja kina nafasi ya asilimia 5 ya kuonyesha tofauti hata kama mbegu zote ni sawa. Kama vipimo hivyo 10 visingetegemeana, nafasi ya kupata angalau tofauti moja ya uongo ingekuwa 1 − 0.95^10, yaani asilimia 40. Kwa kuwa jozi zinashirikiana wastani uleule (A imo ndani ya jozi nne), nafasi halisi ni ndogo kuliko hiyo, kama robo. Bado, hakuna mkulima ambaye angenunua mbegu akijua kwamba kati ya majaribio manne ya mbegu zilizo sawa, moja litatangaza mshindi.

Hapa ndipo tunapobishana sana na waandishi. “Mimi sikufanya vipimo 10,” mtu anasema, “nimelinganisha E na A peke yake.” Ulijuaje kuwa ni E na A? Ulitazama jedwali kwanza, ukachagua iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa. Jicho lako limeshafanya ulinganisho wa jozi zote 10. Kompyuta imemalizia moja tu. Hilo linahesabiwa kumi.

Sasa tuone vipimo vitatu juu ya data ileile. Kosa sanifu la tofauti kati ya wastani mbili ni kipeuo cha 2 × 0.36 ÷ 4, yaani 0.424. Kwa LSD, unazidisha na t ya 2.179 na kupata 0.92. Tofauti yoyote inayozidi hapo inapita: E na A (1.6), D na A (1.3), E na B (1.1). Jozi tatu.

Kwa Tukey, kizidishi kinatokana na mtawanyo wa wastani zote tano kwa pamoja. Thamani ya jedwali ni 4.51, unaizidisha na kosa sanifu la wastani mmoja, 0.3, na mpaka unakuwa 1.35. Inapita jozi moja tu, E na A. Hiyo D iliyokuwa imeshasifiwa kwenye muhtasari inabaki bila ushahidi.

Lakini tusikimbilie kusema Tukey ndiyo dawa ya kila kitu. Kama swali lenu tangu mwanzo lilikuwa “je, mbegu mpya zinaishinda ya kienyeji?”, jozi zinazohusika ni nne tu, si 10, na kipimo chake ni Dunnett. Kizidishi ni 2.81, mpaka ni 1.19. Hapo E inapita, na D nayo inapita. Hakuna ujanja: umeuliza maswali machache, unatozwa kidogo. Sharti ni kwamba swali hilo liwe limeandikwa kwenye pendekezo la utafiti kabla ya kupanda. Kuhamia Dunnett baada ya kuona Tukey imeikataa D ni kuchagua kipimo kwa kufuata jibu.

LSD hatujaipiga marufuku. Kwa aina tatu, ikitanguliwa na F iliyopita, inalinda vizuri. Zikifika nne au tano kinga hiyo inavuja, kwa sababu aina moja mbovu kupindukia inaweza kuivusha F na kuzifungulia mlango nyingine zote ambazo hazitofautiani.

Wanaotumia R, amri ni hizi:

```
d$aina  <- factor(d$aina)
d$bloku <- factor(d$bloku)
m <- aov(mavuno ~ bloku + aina, data = d)
summary(m)
TukeyHSD(m, "aina")
```

Mistari miwili ya kwanza isirukwe. Aina zikiwa zimeandikwa 1 hadi 5, programu inazichukua kama namba za kupimia. Tazameni safu ya `Df`: bloku isome 3, aina 4, `Residuals` 12. Aina ikisoma 1, kila kinachofuata ni batili. Kwenye matokeo ya Tukey, safu ya `p adj` imeshasahihishwa. Kuna wanaoizidisha tena kwa 10, wakajiadhibu mara mbili.

Herufi nazo zinasomwa vibaya. Kwa Tukey hapo juu, E ina a, A ina b, na B, C, D zina ab. Kushirikiana herufi maana yake jaribio halikuweza kuzitenganisha. Si kwamba zimethibitika kuwa sawa.

Yote haya yanahusu mavuno peke yake. Ukipima pia urefu, siku za kuchanua na uzito wa punje, kisha ukagawa data kwa kijiji na kwa msimu, maswali yanaongezeka tena. Mwaka 1988, watafiti wa jaribio la ISIS-2, lililohusu aspirini kwa zaidi ya wagonjwa 17,000 wa mshtuko wa moyo, waliwagawa wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa kwa makusudi. Waliozaliwa kwa Jauza na Mizani walionekana kama hawafaidiki na dawa hata kidogo. Walifanya hivyo kuonyesha mgawanyo wa namna hii unavyodanganya.

Kwa vipimo vingi vya namna hiyo, tunakubali njia ya Holm. Panga thamani za p kuanzia ndogo. Zikiwa 10, ya kwanza ilinganishe na 0.05 ÷ 10, ya pili na 0.05 ÷ 9, uendelee hivyo. Ya kwanza kushindwa inasimamisha zote zilizobaki. Haiwahi kuwa kali kuliko Bonferroni, kwa hiyo hatuoni sababu ya kung'ang'ania Bonferroni.

Chini ya kila jedwali andikeni: jina la kipimo, idadi ya ulinganisho wote uliofanywa (pamoja na ule usiochapishwa), wastani wa mraba wa makosa na digrii zake za uhuru. Ripoti ikikosa kimojawapo, inarudi mara moja kwa marekebisho. Ikirudi tena bila idadi ya ulinganisho, inaondolewa kwenye foleni ya msimu na kusubiri ufuatao. Ulinganisho uliobuniwa baada ya kuona data hauzuiliwi. Uwekwe kwenye sehemu yake yenye kichwa “uchunguzi wa awali”, na usiingie kwenye mapendekezo kwa mkulima.