Je, wajua? Neno linavyoisaidia namba kwenye lebo ya Kiarabu

"Kwa nini kwenye lebo za Kiarabu vitu 10 vinaandikwa kwa wingi, lakini vikifika 15 neno linarudi kwenye umoja?"

Kwa sababu Kiarabu hakihesabu wingi kama sisi. Kuanzia 3 hadi 10, jina huwa katika wingi. Kuanzia 11 hadi 99, hurudi kwenye umoja na kuchukua mwisho wa "-an", kwa kuwa hapo kazi yake ni kufafanua tu namba inahesabu nini. Mia nayo ni jina lenyewe, kinachohesabiwa huifuata kikiwa umoja bila ile "-an". Tazama noti za Emirati: ya 5 imeandikwa darahim, ya 20 dirhaman, ya 100 dirham. Mbili ina umbo lake, dirhamani, hata tarakimu haihitajiki.

Namba ikivuka mia, angalia tarakimu mbili za mwisho: 110 hufuata kanuni ya 10, na 115 ile ya 15.

Faida yake utaiona ukitumiwa picha yenye ukungu. Katika tarakimu za Kiarabu zinazotumika Ghuba, sifuri ni nukta na tano ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu. Tuseme pakiti ina namba inayoanza na 1, kisha alama iliyofifia: ni 10 au 15? Usikodolee macho alama, soma neno linalofuata. Likiwa habbati, yaani wingi wa habba (punje au kipande), litaishia kwa alifu na te iliyo wazi, basi ni 10. Likiwa habba, lenye te marbuta ya mviringo mwishoni, ni 15. Hapo usitafute alifu ya "-an", maana neno lenye te marbuta haliiandiki. Kwenye riyali utaiona: riyalan huongezewa alifu.

Ila neno halitakuokoa kila mara. Kati ya 12 na 13 halisemi lolote, zote ni umoja. Vifupisho kama "jm" cha gramu havibadiliki hata kidogo. Na bei iliyoandikwa kwa kalamu dukani mara nyingi hufuata mazungumzo ya mtaani, kwa hiyo "5 riyal" ni jambo la kawaida. Mimi huliamini neno zaidi likiwa limechapwa kiwandani, ingawa hata huko kuna mtego: programu iliyotengenezwa kwa lugha zenye umoja na wingi tu itaweka habbati baada ya 15 bila aibu. Kiarabu kinahitaji maumbo sita katika kanuni za wingi za Yunikodi, mfumo wa maandishi ya kompyuta: la sifuri, la moja, la mbili, la 3 hadi 10, la 11 hadi 99, na la zilizobaki. Ukiona lebo nyingine za kampuni hiyohiyo zina wingi kila mahali, rudi kwenye tarakimu na uombe picha nyingine.