Kavu nje, bichi ndani: dhana potofu kuhusu kukausha matunda na mboga juani

Dhana: Kipande kinene huhifadhi utamu, na jua likiwa kali kitakauka tu.

Ukweli: Kipande huanza kukauka nje, na maji yaliyo katikati hayana budi kufika usoni ndipo yageuke mvuke. Embe likikatwa nene mno, uso wake huwahi kukauka na kufanya ngozi ngumu inayoyafungia maji ndani, hivyo kipande huonekana kimekuwa tayari ilhali moyo wake ni mbichi, na ukungu huanzia humo. Unene wa milimita 5 hadi 8 unatosha. Hata hivyo, naona kulingana kwa vipande ni muhimu kuliko kipimo chenyewe, kwa kuwa kwenye chanja moja vyembamba hukakamaa huku vinene vikiwa bado laini. Ndiyo maana huchaguliwa embe lililoiva lakini bado gumu: lililoiva kupita kiasi huteleza kisuni, na kipande hutoka kikiwa kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine. Vipande vipangwe bila kugusana, juu ya wavu ulioinuliwa ili hewa ipite chini pia, vifunikwe kwa chandarua kuzuia nzi, na viingizwe ndani kabla ya jua kuzama, kwani umande hurudisha unyevu.

Mboga za majani ni habari nyingine: hizo hukaushwa kivulini penye upepo, kwa sababu jua la moja kwa moja hufifisha rangi yake na kuharibu sehemu ya vitamini.

Dhana: Uso ukiwa mkavu, kazi imekwisha.

Ukweli: Uso hausemi lolote kuhusu katikati. Chukua vipande vichache, hasa vile vinene, uviache kivulini kwa dakika 20 hadi 30 vipoe, maana tunda lenye sukari huwa laini likiwa na joto na linaweza kukupotosha. Kisha kata kimoja katikati, ukiminye kwa nguvu na kutazama mahali palipokatwa: pasionekane unyevu wowote. Kingine kikunje, embe lililokauka sawasawa hupinda kama ngozi bila kuvunjika, na pande zake mbili hazigandani. Kipimo hicho hakifai kwa mboga, ambazo huhitaji kukauka zaidi: karoti ivunjike kwa mlio, na majani yasagike kati ya vidole.

Dhana: Vikishapoa, vifungwe na kuwekwa kabatini.

Ukweli: Vipande vya embe vya chanja moja havilingani unyevu. Jaza chupa ya kioo hadi theluthi mbili bila kushindilia, uifunge, kisha uitikise kila siku kwa siku 7 hadi 10, ili vikavu vinyonye unyevu wa vile visivyokauka vizuri. Matone yakitokea ndani ya kioo, rudisha vyote juani siku hiyohiyo. Ukungu ukionekana, hata kwenye kipande kimoja, tupa chupa nzima ya embe, kwa kuwa nyuzi zake huenea pasipoonekana kwa macho.