Laini ya sentimita 21 na msawazo wa Einstein: dhana potofu na ukweli

Dhana: Uhusiano wa migawo ya Einstein, A ya utoaji wa hiari na B ya ufyonzaji na utoaji wa kuchochewa, ni sahihi tu atomu zinapokuwa katika msawazo wa joto.

Msawazo ulitumika kuupata uhusiano huo, lakini si sharti la kuutumia. Mwaka 1916 Albert Einstein alizichukua atomu zenye ngazi mbili za nishati, zikiwa ndani ya mnururisho wa halijoto T, akataka zile zinazoshuka kila sekunde, kwa hiari au kwa kuchochewa, zilingane na zile zinazopanda kwa kufyonza:

N₂A + N₂B₂₁ρ = N₁B₁₂ρ

Hapa N₁ na N₂ ni idadi ya atomu zilizo chini na juu, na ρ ni msongamano wa nishati ya mnururisho kwenye masafa ν. Tukiingiza uwiano wa Boltzmann, N₂/N₁ = (g₂/g₁)e^(−hν/kT), ambamo g₁ na g₂ ni idadi ya hali zilizomo katika kila ngazi, na kutaka ρ iwe ya Planck kwa kila halijoto, tunapata g₁B₁₂ = g₂B₂₁ na A = (8πhν³/c³)B₂₁. T imetoweka. Migawo hii ni sifa ya atomu yenyewe, kwa hiyo uhusiano wake unabaki uleule hata ndani ya leza, ambako hakuna msawazo wowote wa joto.

Dhana: Uwiano A/B unatosha kuonyesha ni utoaji upi unaotawala.

Uwiano huo si namba tupu, kwani vipimo vyake ni vya ρ, na kwa hiyo hausemi lolote mpaka ulinganishwe na mnururisho uliopo. Katika msawazo, B₂₁ρ/A = 1/(e^(hν/kT) − 1), kiasi tutakachokiita n. Kwa laini ya haidrojeni ya sentimita 21, yaani mnururisho wa redio ambao atomu ya haidrojeni huutoa kwa urefu huo wa wimbi, hν/k ni kelvini 0.068 tu, hivyo katika mnururisho wa kale wa ulimwengu, wenye kelvini 2.725, n ni takriban 39.5. Atomu iliyo peke yake gizani ingekaa juu kwa wastani wa miaka milioni 11, maana A ni 2.9 × 10⁻¹⁵ kwa sekunde. Mnururisho huo hafifu unaongeza kasi ya kushuka hadi A(1 + n), na muda unapungua kufikia miaka 270,000 hivi.

Dhana: N₂ ikizidi N₁, mwanga lazima ukuzwe.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa kuwa wamezoea kuandika B₁₂ = B₂₁ bila kukumbuka kwamba usawa huo unahitaji g₁ = g₂. Katika laini hii g₂ = 3 na g₁ = 1, kwa hiyo B₁₂ = 3B₂₁. Kwa kelvini 2.725, kwa kila atomu moja iliyo chini kuna 2.93 juu, na bado hakuna ukuzaji. Tukihesabu kwa kipimo cha A, ufyonzaji ni 3 × 39.5, yaani 118.5; utoaji wa kuchochewa ni 2.926 × 39.5, yaani 115.6, na pengo la 2.9 linazibwa na utoaji wa hiari peke yake. Ukuzaji huanza pale tu N₂/g₂ inapozidi N₁/g₁, yaani atomu za juu zinapozidi mara tatu ya zile za chini.