Tangazo la ufadhili wa masomo kwa jina la marehemu si la kusomwa siku ya arobaini kwa sababu tu watu wamejaa

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tena. Familia imefiwa, arobaini ni Jumamosi, na kaka mkubwa anataka nimwandikie tangazo la ufadhili wa masomo kwa jina la mama yao. "Dada, andika tu tutasomesha watoto kumi wa Kigoma kila mwaka. Mengine tutayapanga baadaye." Nimekuwa nikiwasaidia watu hesabu za mifuko ya namna hii kwa miaka, na bado wengi wanaamini kwamba mfuko unaanza na tangazo, hesabu na masharti vije nyuma. Hapana. Tangazo linakuja mwisho, kwa sababu mtoto wa Uvinza akishalisikia anauza kuku apate nauli ya kuja kuleta barua.

Nitaeleza kwa mfano wa familia moja ya Ujiji, ambao wameniruhusu kuyasema haya bila kuwataja. Mama yao alikuwa mwalimu wa sekondari. Baada ya mazishi mkononi kulikuwa na shilingi 6,400,000. Kati ya hizo, 3,900,000 ni rambirambi iliyobaki na 2,500,000 ni michango ya waliokuwa wanafunzi wake. Walitaka kuongeza na kodi ya vyumba viwili alivyokuwa akipangisha.

Kodi niliikataa palepale. Vyumba ni mirathi. Msimamizi wa mirathi akishathibitishwa na mahakama, madeni yanalipwa kwanza, kisha kila mrithi anapata fungu lake. Marehemu angeacha wosia, kwa familia ya Kiislamu kama hii angeweza kuelekeza hadi theluthi. Hakuacha. Warithi watu wazima wanaweza kutoa mafungu yao kwa hiari, lakini mdogo wao wa mwisho alikuwa na miaka 14, na fungu la mtoto halitolewi sadaka na kaka zake, hata kwa nia njema namna gani.

Rambirambi ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wanaponikasirikia. Wanasema ni pesa yetu, tumepewa. Ni kweli mmepewa, ila mtu aliyetoa elfu kumi pale turubaini aliwapa wafiwa, hakutoa kwa ajili ya shule. Siku ya arobaini tulisoma hesabu mbele ya watu: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki, na kwamba familia inakusudia kukipeleka kwenye masomo. Tukasema asiyeridhika amwone kaka mkubwa, atarudishiwa chake. Walikuja wawili, wakarudishiwa na wala hawakuulizwa sababu. Wote wawili walikuwa ndani ya familia, na mmoja wa dada zao akaziba pengo, kwa hiyo hesabu haikubadilika.

Sasa ile "kumi kila mwaka". Walitaka kulipa ada ya kidato cha tano na sita, nikawauliza ada ipi? Shule za serikali hazitozi ada kwa madarasa hayo tangu 2022. Kinachomrudisha mtoto nyumbani ni yale yaliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga: godoro, sare, ndoo, madaftari, michango ya shule, na nauli ya kwenda mkoa aliopangiwa. Tuliketi na fomu mbili halisi tukajumlisha. Mwaka wa kwanza ulitoka 520,000 kwa mtoto, wa pili 300,000, jumla 820,000. Watoto kumi ni 8,200,000. Pesa haitoshi hata kwa kundi moja, seuze kila mwaka.

Wakasema basi tuiweke benki tutumie faida, mfuko uishi milele. Chukulia amana ya muda maalumu inalipa asilimia 8. Faida ya mwaka ni 512,000, ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 inabaki 460,800. Haifiki mahitaji ya mtoto mmoja wa kidato cha tano. Ukitaka mfuko wa kudumu, uwe na mtaji mkubwa kuliko huu na wadhamini waliosajiliwa RITA, ili pesa isimtegemee mtu mmoja kuwa hai. Wao wakakubali ukweli wa pesa yao: watoto watatu mwaka huu na watatu mwakani, kila mmoja hadi amalize. Hiyo ni 4,920,000. Inayobaki, 1,480,000, ni akiba ya bei kupanda na gharama za benki.

Kuhusu akaunti sitasema mengi. Iwe ya peke yake, na kutoa pesa kuhitaji saini tatu, moja ya mtu wa nje ya familia.

Kuchagua ndiko kunakonikosesha usingizi. Familia ilikuwa tayari na mtoto wa shangazi yao. Msomesheni, ni haki yenu, lakini msomesheni kwa mfuko wenu wa suruali. Mkishaita watoto wa mkoa mzima waombe, huku jibu mnalo, mmewatumia kupamba jina la mama yenu. Kwa hiyo masharti tuliyaandika na kuyasaini kabla ya jina lolote kujulikana: ndugu wa familia na wa wanakamati hawaombi. Kamati ilikuwa ya watu watano, wawili tu wa familia. Barua zilifunguliwa na mtu asiye na kura, akaondoa majina na kuacha namba ya mtihani, ambayo matokeo yake yanaonekana kwenye tovuti ya NECTA.

Waliomba 31. Barua 19 za watendaji wa vijiji zilikuwa na sentensi ileile, "anatoka katika familia duni," muhuri wa zambarau chini, basi. Barua inayomfaa kila mtu haipimi kitu. Ndiyo maana fomu yetu iliuliza mambo ya kawaida: nani amekulipia hadi sasa, wangapi nyumbani wanasoma, ni kitu gani kwenye fomu ya kujiunga huna na huna pa kukipata. Hitaji lilikuwa na alama 60, matokeo 40. Sikukubali sharti la daraja la kwanza, kwa sababu mtoto wa shule ya kata isiyo na mwalimu wa fizikia angefungiwa mlango kabla ya kubisha.

Bado nina wasiwasi na njia hii. Mtoto anayejua kujieleza anapata alama za hitaji kuliko mwenye shida zaidi anayeandika mistari miwili kwa aibu. Tunapiga simu kwa mwalimu wa darasa na mwenyekiti wa kitongoji kwa kila anayekaribia kuchaguliwa, na mwaka ule simu hizo zilimpandisha binti mmoja kutoka nafasi ya nane hadi ya pili. Waliokuwa chini kabisa kwenye orodha hatukuwapigia.

Tangazo lilitoka wiki ambayo majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yalitoka, likabandikwa ofisi za kata, likasomwa redioni, misikitini na makanisani. Lilikuwa fupi:

"Nafasi tatu. Kwa aliyechaguliwa kidato cha tano shule ya serikali, aliyemaliza kidato cha nne Mkoa wa Kigoma. Tunalipia vifaa, michango na nauli, si zaidi ya 520,000 mwaka wa kwanza na 300,000 wa pili. Ndugu wa familia na wa wanakamati hawaruhusiwi. Fomu ni bure, unaweza kuiacha ofisi ya kata ndani ya siku 21. Kila mwombaji atajibiwa."

Siku 21, kwa sababu wa vijiji vya mwambao wanasubiri boti. Na waliojibiwa ni wote 31. Wale 28 walipigiwa na dada wa marehemu mwenyewe, jioni tatu mfululizo, akimweleza kila mmoja alama zake na kwamba nafasi tatu nyingine zipo mwakani kwa watakaochaguliwa mwaka huo.

Huyu wa arobaini ya Jumamosi nimemwomba aniletee daftari la rambirambi kwanza.